Sikio Moja Likiziba, Pua Ichunguzwe

Mtu mzima anapolalamika kwamba sikio lake moja limeziba, na kuziba huko kukadumu wiki nne bila ya mafua, wengi wetu tunayo majibu tayari. Mvuvi huambiwa ni maji ya bahari. Mchukuzi wa saruji huambiwa ni vumbi. Mzee huambiwa ni umri. Aghalabu majibu hayo huwa ya kweli, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu siku yasipokuwa ya kweli hakuna anayeuliza tena.

Yako maradhi yanayotumia kimya hicho. Nayo ni saratani inayoota nyuma kabisa ya pua, mahali ambapo hapaonekani kwa kufungua mdomo wala kwa kumulika tundu za pua kwa tochi. Maradhi haya si mengi kwetu. Lakini kwa sababu si mengi hayatafutwi, na kwa sababu hayatafutwi hugunduliwa yamekwisha kuenea. Wakati huo huo ni miongoni mwa saratani zinazotii tiba vizuri sana zikiwahiwa. Tofauti baina ya mambo hayo mawili hutegemea dalili tatu ndogo ambazo mwananchi yeyote anaweza kuzijua: sikio la upande mmoja lililoziba, damu inayochanganyika na kamasi, na uvimbe wa shingoni usiouma.

Ili dalili hizo zieleweke, hatuna budi kwanza kuelewa mahali penyewe. Pua haiishii pale kidole kinapofika. Njia zake mbili hurudi nyuma, juu ya kaakaa, mpaka zikakutana katika chumba kimoja kidogo kilicho juu ya koo, nyuma ya kidakatonge. Hewa yote tunayovuta kwa pua hupita humo kabla ya kuteremka kooni. Katika kila ubavu wa chumba hicho umo mdomo wa mrija mwembamba unaokwenda hadi ndani ya sikio, nyuma ya kiwambo. Mrija huo ndio unaofunguka tunapomeza mate au tunapopiga miayo, na kazi yake ni kupeleka hewa nyuma ya kiwambo ili kiweze kutikisika na kusikia. Kila aliyewahi kupiga mbizi, au kupanda ndege, anaujua ule mlio mdogo wa sikio linapozibuka. Ule ndio mrija unaofunguka.

Sasa, nyuma tu ya mdomo wa mrija huo, kila upande, kuna kishimo kidogo. Saratani tunayoizungumzia hupenda kuanza ndani ya kishimo hicho. Ikiwa bado ndogo haimzuii mtu kupumua, haimuumizi wala haimzuii kumeza. Lakini imekaa jirani na mdomo wa mrija, na mara inapoanza kuusukuma mdomo huo au kuuingilia, mrija haufunguki tena. Hewa iliyo nyuma ya kiwambo hunywewa na mwili kidogo kidogo, haipati ya kuifidia, na badala yake majimaji hujikusanya. Mgonjwa husikia kama kwamba ametiwa pamba katika sikio moja. Sauti yake mwenyewe humvumia kichwani. Pengine husikia mvumo kama wa kombe la pwani lililowekwa sikioni. Sikio haliumi, halitoi usaha, na ukilichungulia kwa nje utaliona safi.

Hapa yafaa tutofautishe mtoto na mtu mzima. Mtoto hupata majimaji nyuma ya kiwambo mara kwa mara, kwa sababu mrija wake ni mfupi na kinyama cha nyuma ya pua yake bado ni kikubwa. Mtu mzima hapati hivyo kwa urahisi. Akiwa na mafua makali masikio yanaweza kuziba, mara nyingi yote mawili, na mafua yakiisha nayo huzibuka katika wiki chache. Sikio moja tu, upande mmoja tu, bila ya mafua, na lisilozibuka baada ya wiki nne hadi sita, ni jambo jingine. Wengi wa watu wa namna hiyo hawatakutwa na saratani. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayestahili kuambiwa aende zake kabla ya nyuma ya pua yake kutazamwa.

Dalili ya pili ni damu. Sote tunaujua muhina, ile damu inayotoka puani ghafla kwa kijana aliyecheza juani au aliyejikuna pua. Damu hiyo hutoka mbele, karibu na tundu, na mtu akiinama mbele na kuzibana nyama laini za pua kwa dakika 10 bila ya kuachia, kwa kawaida hukoma. Damu ya saratani ya nyuma ya pua haina tabia hiyo. Huwa kidogo, na huja zaidi asubuhi. Mtu anapoamka na kuvuta kamasi kwa ndani ili aiteme, huona michirizi myekundu katika makohozi. Leo ipo, kesho haipo, wiki ijayo imerudi. Kwa kuwa ni kidogo na imetoka kinywani, watu huihesabu kuwa ni ya kifua au ya fizi. Mgonjwa mwenyewe anaweza kutambua tofauti moja: damu hii haikuja kwa kukohoa, bali imekuja baada ya kuvuta kamasi kutoka nyuma ya pua. Neno hilo moja akimwambia mganga wa kituo litamwelekeza mahali pa kutazama.

Dalili ya tatu ni uvimbe wa shingoni, na kwa wagonjwa wengi ndiyo inayowafikisha hospitali, kwa sababu sikio lilidharauliwa na damu ikasahauliwa. Mahali pake panajulikana: juu ya shingo, chini ya ndewe la sikio, nyuma ya pembe ya taya. Saratani ya nyuma ya pua husafiri mapema kwenda kwenye tezi za shingo, na zaidi ya nusu ya wagonjwa huwa tayari wana uvimbe huo siku wanapogunduliwa. Uvimbe wenyewe ni mgumu, hauumi, ngozi juu yake haina joto wala wekundu, nao hukua polepole. Tezi iliyovimba kwa sababu ya jino bovu au koo lenye mafindofindo huuma ikiguswa, na hunywea baada ya wiki mbili au tatu. Hii hainywei.

Ili mambo haya yasibaki maneno matupu, tuchukue mfano. Mtu tunayemtaja hapa si mtu fulani; tumemtunga kwa kufuata mwendo wa kawaida wa maradhi haya, ili kila msomaji aone palipo na njia panda.

Tuseme ni mvuvi wa kaskazini ya Pemba, mwenye umri wa miaka 46. Mwezi wa kwanza sikio lake la kushoto linaziba. Anasubiri wiki tatu akidhani ni maji ya bahari, kisha anakwenda kituo cha afya. Sikio linachunguliwa, halina nta wala usaha, anapewa dawa ya matone. Hapa ndipo kosa la kwanza. Dawa ya matone haiwezi kuvuka kiwambo kisicho na tundu, na shida yake iko nyuma ya kiwambo, kwa hiyo matone hayo yangetiwa mwaka mzima bila ya kufika panapohusika. Mwezi wa tatu mkewe anaona damu katika mate yake ya asubuhi. Jirani anasema ni presha, mwingine anasema ni joto la mwili. Presha inapimwa, iko sawa, mambo yanaachwa hapo.

Mwezi wa tano anapapasa chini ya sikio lile lile la kushoto na kukuta uvimbe wa ukubwa wa kungumanga. Anakandwa kwa mafuta ya moto, haupungui. Anarudi kituoni, na kwa kuwa katika nchi zetu uvimbe wa shingo mara nyingi huwa ni kifua kikuu cha tezi, anaanzishwa dawa za kifua kikuu za miezi sita bila ya uvimbe kuchomwa sindano wala kupimwa. Hilo ni kosa la pili, na ndilo linalokula wakati mwingi kuliko yote. Mwezi wa nane uvimbe umefikia ukubwa wa limau, kichwa kinamuuma upande wa kushoto usiku na mchana, na siku moja akiwa chomboni anaona milingoti miwili mahali penye mmoja kila anapotazama kushoto. Maana ya jambo hili ni kwamba saratani imepanda kutoka nyuma ya pua hadi kwenye sakafu ya fuvu, na imeugusa mshipa wa fahamu unaolielekeza jicho upande wa nje. Sasa ndipo anapelekwa hospitali kubwa, na sasa ndipo pua yake inatazamwa kwa mara ya kwanza.

Tazameni, ndugu wasomaji, kwamba mtu huyu hakukaa nyumbani tu. Alikwenda kituoni mara tatu kwa miezi minane. Sikio lilitibiwa peke yake, damu ikapimwa peke yake, na shingo ikatibiwa peke yake, ilhali dalili zote tatu zilikuwa upande mmoja wa kichwa kimoja. Lililokosekana halikuwa mashine ya mamilioni. Lilikosekana swali moja: je, sikio, pua na shingo vya upande huu vina habari moja?

Turudi basi mwezi wa kwanza tuone lililowezekana. Mganga wa kituo akiwa na uma wa sauti, ule wa chuma unaopigwa ukalia, huupiga na kuuweka katikati ya paji la uso. Ikiwa sikio limeziba kwa majimaji, sauti husikika zaidi katika sikio lile lile bovu. Ikiwa mshipa wa kusikia ndio ulioharibika, husikika zaidi katika sikio zima. Hata nyumbani mtu anaweza kujipima kwa kufunga mdomo na kuvuma kwa sauti ya chini. Mvumo ukihamia upande wa sikio lililoziba, kuziba huko ni kwa kitu kinachozuia sauti. Kipimo hiki hakisemi kitu hicho ni nini, kwani hata nta huleta jawabu hilo hilo. Lakini pakiwa hapana nta, na kiwambo kikionekana kimefifia, kina rangi kama ya asali na hakitikisiki mgonjwa anapobana pua na kupuliza, basi yamejulikana kuwa ni majimaji, na swali linalofuata ni nini kilichouziba mrija.

Swali hilo hujibiwa kwa kutazama. Njia ya zamani ni kioo kidogo cha duara chenye mpini, ambacho hupashwa moto kisife ukungu, kikaingizwa kinywani hadi nyuma ya kaakaa na kumulikwa kwa taa ya kichwani. Njia ya sasa ni kupitisha puani mpira mwembamba wenye taa na jicho la kamera. Pua hutiwa dawa ya ganzi, kazi huchukua dakika chache, na mgonjwa hurejea nyumbani siku ile ile. Pakionekana uvimbe, hukatwa kinyofu kidogo cha nyama na kupelekwa maabara, na jawabu la maabara ndilo linalothibitisha.

Lakini yapo mambo mawili ya kuchunga hapo. Kwanza, saratani hii wakati mwingine hukua chini ya utando, na juu pakaonekana pazuri. Kwa hiyo mtu mwenye dalili zinazoendelea asiambiwe kwamba yu mzima kwa sababu ya kutazamwa mara moja. Hupigwa picha za ndani za kichwa, na kinyofu huchukuliwa katika kile kishimo hata kama hapakuonekana kitu. Pili, uvimbe wa shingoni usiwe wa kwanza kupasuliwa. Huchomwa sindano nyembamba na kuvutwa chembe chache ili zitazamwe kwa darubini. Sindano hiyo hutenganisha kifua kikuu na saratani katika siku chache badala ya miezi sita. Kuupasua uvimbe na kuutoa peke yake, ilhali chanzo kimo nyuma ya pua, hakumponyi mgonjwa, na huivuruga shingo inayongojea tiba ya mionzi.

Msomaji anaweza kuuliza, maradhi haya yanatoka wapi, na yanatuhusu nini sisi wa visiwani. Makao yake makubwa yanajulikana kuwa ni kusini mwa China, hasa jimbo la Guangdong na Hong Kong, pamoja na nchi za kusini mashariki ya Asia. Huonekana pia zaidi ya kawaida Afrika ya Kaskazini. Katika Afrika yetu ya Mashariki yameandikwa tangu zamani miongoni mwa wakazi wa nyanda za juu za Kenya, ambako daktari Peter Clifford wa Nairobi aliyachunguza kwa miaka mingi. Mwaka 1964 wanasayansi wa London, wakitumia vinyofu vya uvimbe wa taya vilivyosafirishwa kutoka Uganda, waligundua virusi vilivyoitwa Epstein-Barr kwa majina ya wagunduzi wawili. Mwaka 1970 watafiti, Clifford akiwa mmojawapo, walionyesha kwamba chembe za urithi za virusi hivyo zimo ndani ya saratani ya nyuma ya pua pia. Karibu kila mtu duniani hupata virusi hivyo, wengi wakiwa wangali watoto, na idadi kubwa hawapati saratani kamwe. Kwa hiyo virusi peke yake havitoshi. Vinahitaji kukutana na urithi wa damu na mambo ya maisha.

Miongoni mwa mambo hayo ya maisha limo moja litakalowashtua watu wa pwani. Mwaka 1993 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliwahukumu samaki wa chumvi wa namna ya Kichina kuwa ni chanzo cha saratani hii. Tunaomba hukumu hiyo isomwe kwa utulivu. Samaki wale huachwa walainike na kuanza kuoza kabla au wakati wa kutiwa chumvi, na katika baadhi ya jamii za Guangdong walikuwa wakilishwa watoto wachanga wanapoachishwa ziwa. Hatari ilionekana kubwa zaidi kwa waliolishwa hivyo utotoni. Hukumu ile iliwahusu samaki hao, haikumhusu ng'onda wala papa wa sokoni kwetu. Asitokee mtu akawatia hofu wauza samaki kwa jambo ambalo halikusemwa. Mchukuzi wa saruji naye asidhani kwamba vumbi ndilo lililomletea, wala kijana asidhani kwamba umri wake unamlinda, kwani saratani hii huwapata hata walio chini ya miaka 20.

Ipo habari nyingine kutoka Hong Kong ambayo ina faida kubwa zaidi kwetu. Madaktari wa huko waliwapima damu wanaume 20,174 wenye umri wa miaka 40 hadi 62, wasiokuwa na dalili yoyote, wakitafuta chembe za virusi tulivyovitaja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Waliogunduliwa na saratani walikuwa 34. Kati ya hao, kiasi cha 7 katika kila 10 walikuwa katika daraja la kwanza au la pili la ugonjwa, ambapo kwa wagonjwa wa kawaida wa huko waliokuja wenyewe hospitali walikuwa 2 tu katika kila 10. Baada ya miaka mitatu, asilimia 97 ya waliogunduliwa kwa upimaji walikuwa bado hawajarudiwa na ugonjwa, dhidi ya asilimia 70 ya wale wengine. Hatusemi kwamba upimaji wa namna hiyo uletwe hapa, kwani mahali penye wagonjwa wachache ungegharimu sana na kuwatia hofu wengi bure. Tunasema kwamba hesabu hiyo inaonyesha thamani ya kuwahi. Kwao kipimo cha damu kiliwahi kabla ya dalili. Sisi angalau tuwahi pale dalili inapoanza.

Tiba yenyewe hailingani na ile ya saratani nyingine nyingi. Hapana upasuaji wa mwanzo, kwa sababu mahali penyewe pamezungukwa na fuvu, mishipa mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu. Silaha kuu ni mionzi, na saratani hii huisikia mionzi vizuri. Katika daraja la kwanza mionzi peke yake hutosha, na katika hospitali zenye zana kamili zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wa daraja hilo huwa hai miaka mitano baadaye. Ugonjwa ukiwa umeendelea zaidi, huongezwa dawa kali za saratani zinazopitishwa mshipani. Hata yule mvuvi wetu aliyeona milingoti miwili hakufikia pa kukata tamaa, maadamu saratani haijafika kwenye mifupa, ini au mapafu. Lakini tiba yake ni nzito zaidi, madhara yake ni mengi zaidi, na matumaini ni madogo kuliko yale ya mwezi wa kwanza.

Kwa watu wa visiwani, tiba hii kwa miaka mingi imekuwa na maana ya kuvuka bahari kwenda Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Mionzi hutolewa kidogo kidogo, siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki saba hivi, jumla ya mara 33 hadi 35. Kabla ya kuanza, mgonjwa hutazamwa meno, na yaliyooza hung'olewa na kidonda kuachwa kipone; jino likingolewa baada ya taya kupigwa mionzi, mfupa unaweza ukakataa kupona. Mionzi ikishaanza haifai kukatizwa. Mgonjwa anayekosa wiki moja kwa sababu fedha za kula zimekwisha, au kwa sababu amerudi nyumbani kuangalia watoto, huipa saratani nafasi ya kuota tena, na siku zilizopotea hupunguza uwezekano wa kupona.

Hapo ndipo tunapowageukia viongozi wetu wanaohusika na afya, kwa heshima na kwa uwazi. Tunayoyaomba ni matatu, na yote yanafuata mwendo wa mgonjwa tuliyemweleza.

La kwanza ni kanuni fupi ya kubandikwa ukutani katika kila kituo cha afya, Unguja na Pemba. Mtu mzima mwenye sikio moja lililoziba zaidi ya wiki nne bila ya nta, au mwenye damu ya nyuma ya pua inayorudi rudi, au mwenye uvimbe wa shingo usiouma uliodumu zaidi ya wiki tatu, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akiwa na dalili mbili za upande mmoja, asingojee zamu ya mwezi ujao, bali aonwe ndani ya wiki mbili. Na asianzishwe dawa za kifua kikuu cha tezi kabla ya uvimbe kuchomwa sindano. Ikiwa pana sababu ya haraka ya kuzianza, nyuma ya pua itazamwe mwezi ule ule.

La pili ni zana. Uma wa sauti, taa ya kichwani na kioo kidogo ni vitu vya bei ndogo, na muuguzi au mganga msaidizi anaweza kufundishwa uma wa sauti kwa asubuhi moja. Mpira wa kutazamia pua na maabara ya kusoma vinyofu ni vya gharama, na vinatosha kuwa katika hospitali kubwa, ili mradi mgonjwa wa Pemba awe na njia ya kuvifikia. Madaktari kutoka jimbo la Jiangsu nchini China wamekuwa wakija kuhudumu Zanzibar tangu mwaka 1964. Nchi yao inayajua maradhi haya kuliko nchi nyingi, na tunaona lingekuwa jambo la busara mafunzo ya kuyatambua yakawa sehemu ya ushirikiano huo.

La tatu ni makazi na nauli kwa wiki zile saba. Afisa anayeidhinisha rufaa ajue kwamba malazi ya mgonjwa wa mionzi ni sehemu ya dozi yake. Kumpa mgonjwa barua ya rufaa bila ya mahali pa kulala ni sawa na kumpa nusu ya dawa.

Na kwa mwananchi tunasema hivi. Sikio moja likiziba, hesabu wiki. Likipita wiki ya nne, nenda kituoni, na unapofika usitaje sikio peke yake. Sema pia kama umeona damu asubuhi unapovuta kamasi. Papasa shingo yako chini ya sikio hilo, na ukikuta uvimbe uonyeshe. Kisha uliza bila ya kuona haya: nyuma ya pua yangu patatazamwa lini, na nani? Ukiambiwa kwamba si lazima, na sikio bado limeziba, rudi tena.